Shukeni Mle

Mwaka fulani, mwezi wa Mei, nilikuwa ndani ya basi linalotoka Kolombo kwenda Kandy, huko Sri Lanka. Hatujafika mbali, Kadawatha tu, vijana wawili wenye bendera wakasimama katikati ya barabara na basi likasimama. Dereva akazima injini bila kubishana. Nikajua tumekwisha. Kwa nilivyolelewa mimi, vijana wakisimamisha basi usiku, kinachofuata ni abiria kutoa alichonacho. Kumbe safari hii tulitakiwa kupokea. Kijana mmoja alipanda ngazi, akaunganisha viganja kifuani, akasema maneno ambayo jirani yangu wa kiti alinifasiria: "Mama zangu, baba zangu, shukeni mle wali."

Tukashuka. Chini ya turubai palikuwa na meza ndefu na sahani zilizotandikwa nailoni juu, ili kila mlaji akimaliza itupwe nailoni na sahani isihitaji kuoshwa. Wali, mchuzi wa adesi, boga la tui, na nazi iliyokunwa ikachanganywa na pilipili hadi ikawa nyekundu. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo bwana mmoja aliyeshuka kwenye gari ambalo bei yake ingenunua basi letu zima. Nyuma yangu mama na watoto watatu, miguu peku. Wote tulipimiwa kwa upawa uleule, na hakuna aliyeulizwa dini yake.

Banda kama lile linaitwa dansala. Dana ni kutoa, na sala ni banda au ukumbi. Haina undugu wowote na sala yetu ya Kiswahili, ingawa kwa usiku ule sikuona tofauti kubwa. Madansala hufunguliwa kwa wingi katika sikukuu ya Vesak, siku ya mwezi mpevu ambayo aghalabu huangukia Mei. Wabuddha wa Sri Lanka, kama wenzao wa Thailand na Myanmar, wanashika kwamba mambo matatu yalitokea katika mwezi mpevu wa mwezi uleule, kwa miaka tofauti: Siddhartha alizaliwa Lumbini, akaamka katika ukweli chini ya mti huko Bodh Gaya akawa Buddha, yaani aliyeamka, na akiwa mzee wa miaka 80 akafariki Kusinara. Japani wanayatenganisha: kuzaliwa ni tarehe 8 Aprili, kuamka ni Desemba, kufariki ni Februari. Wasinhala wa Sri Lanka wameyafunga yote katika usiku mmoja, na ndiyo maana usiku huo ni mzito hivyo.

Sasa, kitu kilichonisumbua kichwa pale mezani ni yule bwana mwenye gari. Kama ni sadaka, yeye anafanya nini kwenye foleni? Mzee aliyenikaribisha nyumbani kwake alicheka nilipomuuliza. Akanieleza kwamba dansala si chakula cha maskini. Ni thawabu ya mpishi. Wao huiita pin, na haiwezi kupatikana mpaka atokee mtu akubali kula. Ukikataa, umemnyima mwenzio. Kwa hiyo anayepokea ndiye anayefanya hisani, na anayetoa ndiye mwombaji. Ndiyo sababu wanasimama barabarani na bendera wakiyabembeleza magari. Mtu wa Unguja au Mombasa atanielewa haraka, kwa kuwa amewahi kusukumiwa tende na maji dirishani jua likizama mwezi wa Ramadhani, na anajua kwamba kusema "nimeshiba, asante" si jibu.

Lakini mchana wa siku hiyo mambo hayafanani kabisa na usiku. Tangu alfajiri watu wamevaa nguo nyeupe tupu, wamekwenda hekaluni, na mbele ya mtawa wamerudia kwa lugha ya Kipali nadhiri nane. Tano ni za kila siku: kutoua, kutoiba, kutosema uongo, kutokunywa kilevi, na ile ya unyumba, ambayo siku hii hukazwa hadi kujizuia kabisa. Tatu huongezwa: hakuna kula baada ya saa sita mchana, hakuna ngoma, manukato wala mapambo, na hakuna kulalia kitanda cha juu cha anasa. Wengine huzishika mpaka jioni, wengine mpaka asubuhi ya pili. Nyanya wa nyumba niliyofikia alikaa hekaluni kutwa, na kitu pekee kilichopita kooni mwake baada ya saa sita kilikuwa kinywaji kilichochujwa hadi haukubaki hata uzi. Maana ukimeza nyama ya tunda, umekula. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akichochea moto wa masufuria ya wali.

Sikukuu hii kuwa siku ya mapumziko ya serikali, hiyo ina kisa chake, na kisa hicho hakianzi kwa amani. Tarehe 25 Machi 1883, siku ya Pasaka, maandamano ya Wabuddha yalikuwa yakielekea kwenye hekalu lao katika mtaa wa Kotahena, Kolombo, yakipita karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Lucia. Ngoma zao na kengele za Pasaka zikagongana, na watu wakaanza kupigana barabarani. Wabuddha waliona serikali ya Waingereza haikuwatendea haki baada ya vurugu zile. Mwaka 1884 Mmarekani mmoja, Kanali Henry Steel Olcott, aliyekuwa ameupokea Ubuddha, akasafiri hadi London na malalamiko yao, na moja ya maombi lilikuwa Vesak itambuliwe. Ikatambuliwa. Tarehe 28 Aprili 1885, Vesak ya kwanza ya mapumziko, bendera mpya ya Wabuddha ilipandishwa pale Kotahena: buluu, njano, nyekundu, nyeupe na rangi ya chungwa. Ndiyo ileile waliyoipunga vijana wa Kadawatha.

Mtaa huohuo, pamoja na jirani yake Kochchikade, ulirudi katika habari siku ya Pasaka nyingine, tarehe 21 Aprili 2019, kanisa la Mtakatifu Anthony liliposhambuliwa kwa bomu pamoja na makanisa na hoteli nyingine. Vesak ya mwaka ule ilifika majuma manne baadaye, na nchi ilikuwa bado katika maombolezo na ulinzi mkali.

Katika mambo yote ya Vesak, mimi napenda zaidi kandili. Kila nyumba hutundika kandili za karatasi barazani, na ile ya asili ya Wasinhala huitwa atapattama. Hilo neno lina nane ndani yake. Nilikaa chini na watoto wa nyumba kuunda moja. Unachonga vijiti 24 vya mwanzi, vyote urefu mmoja, tuseme futi moja. Vijiti 16 unavifunga kwa uzi kuwa miraba minne. Kila mraba unausimamisha kwa pembe, kama kashata, kisha unaifunga yote minne duara, pembe ya ubavuni kwa pembe ya ubavuni. Vijiti vinne vinaunganisha pembe za juu, vinne vya mwisho pembe za chini. Ukiitazama sasa, utahesabu miraba sita na katikati yake pembetatu nane.

Kosa liko kwenye kuchonga. Kijiti kimoja kikizidi kwa upana wa kidole tu, kandili inalala upande, na mshumaa ndani unalamba karatasi. Kwa hiyo, kabla ya kubandika chochote, unaitundika mifupa mitupu kwa uzi na kuizungusha. Ya kwangu ilizunguka kama mlevi, na binti wa miaka tisa akaifungua yote bila kusema neno. Karatasi ni ile nyepesi ya kutengenezea tiara, na gundi ni unga wa ngano uliopikwa kama uji. Hapa napo kuna ujanja: usiivute karatasi ikiwa mbichi. Iache ilegee kidogo, itajikaza yenyewe ikikauka. Ukiikaza wewe, usiku utasikia inapasuka. Juu pabaki wazi, moto upate kupumua. Mengine yote yanategemea mbingu, na Mei huko ni mwezi wa mvua. Manyunyu ya dakika kumi yakishuka, nyekundu inachuruzika juu ya nyeupe, na asubuhi baraza limejaa mifupa ya mianzi.

Msikilizaji wa Dar es Salaam hana haja ya kupanda ndege kuona chembe ya haya. Pale Upanga kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi Tanganyika wakati wa ukoloni, na limekuwepo tangu miaka ya 1920. Uwanjani mna mti wa bodhi, jamii ya ule ambao Buddha alikaa chini yake. Wengi wetu tumepita ukutani kwake mara elfu tukienda hospitali au shuleni.

Turudi Kadawatha, jikoni. Nilirudi pale siku ya pili kwa miguu yangu, nikawakuta vijana na magunia mawili ya mchele, kilo 100 kwa jumla, ulionunuliwa kwa fedha walizochanga nyumba kwa nyumba kwa muda wa wiki kadhaa. Ukipima gramu 100 za mchele kwa mtu, hizo ni sahani 1,000. Ila upawa wa mtoaji mwenye furaha haupimi gramu 100, unapakua 130, na hapo sahani zimeshuka hadi kama 770. Watu zaidi ya 200 watafika mezani wakute sufuria imekwanguliwa. Mkubwa wao, fundi umeme, alikuwa amemweka dada yake kwenye upawa kwa sababu mkono wake ni mdogo.

Kabla ya kuwasha moto, bwana afya alikuwa amekwishafika, kwa kuwa dansala lazima liandikishwe kwa mganga wa afya wa eneo. Aliuliza maji yametoka wapi. Alitazama kucha za wapishi. Akauliza kuhusu barafu, maana barafu ya kuhifadhia samaki ikiingia kwenye sharubati, mtaa mzima utajua kesho yake. Na alisisitiza boga la tui lipikwe kidogo kidogo, mara tatu nne kwa usiku, lisipikwe lote saa nane mchana kisha likafunikwa. Tui lililofunikwa kwenye joto lile linachacha kabla ya mwezi kupanda. Povu dogodogo likianza pembeni mwa sufuria nalo halipo motoni, limwage, usionje.

Wakapika. Mwezi ukatoka mkubwa nyuma ya minazi, magari yakasimamishwa, watu wakala. Ilipokaribia saa nne usiku upawa uligonga chuma. Fundi umeme akaenda mwisho wa foleni, akaunganisha viganja mbele ya kila aliyebaki, mmoja baada ya mwingine, akaomba radhi. Wakasugua masufuria kwa mchanga na makumbi. Tangu asubuhi hakuna kati yao aliyeweka kitu mdomoni, na kule chini ya barabara, jirani zao wa mtaa wa pili walikuwa bado na muhogo wa kuchemsha na pilipili. Wakanawa mikono, wakashuka, wakasimama kwenye foleni.