Oda Moja Inakuachia Shilingi Ngapi?

Msikilizaji unayeuza nguo mtandaoni, chukua oda moja tu ya jana. Gauni umeliuza elfu 30. Kariakoo ulilinunua elfu 20. Unajiambia umepata elfu 10. Subiri kwanza.

Makato ya kupokea na kutoa pesa kwenye simu, tuseme elfu 1. Mfuko na stika yenye jina lako, elfu nyingine. Bodaboda, maana wewe mwenyewe uliandika “tunaleta bure”, elfu 5. Toa zote. Kilichobaki ni elfu 3. Elfu 3, si elfu 10. Na bando na pango bado vinaisubiri hiyohiyo.

Anayekula zaidi hapo ni bodaboda. Mteja akichukua magauni mawili kwa mfuko mmoja na safari moja, hata makato yakiwa mara mbili, unabaki na elfu 12. Akikataa mzigo mlangoni, umelipa boda kwenda na kurudi. Kilichobaki kwenye oda tatu kimeyeyuka.

Leo usiku fungua daftari. Kila oda mstari wake: bei, toa mzigo, makato, mfuko, boda. Ukiona kinachobaki ni kiduchu, nauli alipe mteja, tena kabla gauni halijatoka.