Kodi ya Zuio Kwenye Gawio la Kampuni Binafsi: Namna ya Kusoma Taarifa Uliyopewa

Nitazungumzia jambo moja tu, nalo linatokea Tanzania kila msimu wa gawio. Mwanahisa wa kampuni binafsi anapokea barua ya katibu wa kampuni: bodi imependekeza, mkutano mkuu umeidhinisha, gawio litalipwa tarehe fulani. Anaisoma, anaona maneno "kutokana na faida baada ya kodi", na anaridhika kwamba kodi imeshalipwa. Hapo ndipo anapokosea, kwa sababu kodi inayotajwa siyo yake.

Kampuni inapopata faida, hulipa kwanza kodi ya mapato ya kampuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30. Kinachobaki ndicho "faida baada ya kodi", na gawio hutoka humo. Kisha gawio lenyewe linapolipwa kwa mwanahisa, sheria inaitaka kampuni ikate kodi nyingine, kodi ya zuio, na kuipeleka TRA. Kwa mtu binafsi mwenye hisa katika kampuni isiyoorodheshwa kwenye soko la hisa, kiwango ni asilimia 10. Kwa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam ni asilimia 5, na wengi wenye hisa za aina zote mbili huchanganya viwango hivi. Kwa hiyo barua inaweza kusema kweli kabisa kuhusu kodi ya kampuni na isiseme lolote kuhusu kodi ya gawio.

Tuchukue mfano wa mwanahisa mwenye hisa 3,000. Barua inasema gawio ni shilingi 400 kwa hisa. Hesabu ya jumla ni shilingi 1,200,000. Ikiwa kiasi hicho ni cha kabla ya zuio, kodi ni 120,000 na benki inapaswa kupokea 1,080,000. Akiona 1,080,000 kwenye akaunti, zuio limekatwa kwa kiwango sahihi. Akiona 1,140,000, mhasibu ametumia asilimia 5 ya kampuni zilizoorodheshwa, na kodi iliyokatwa ni pungufu kwa shilingi 60,000.

Akiona 1,200,000 kamili, ndipo kazi inapoanza, maana kiasi hicho kina maelezo mawili. Huenda zile shilingi 400 zilikuwa tayari ni baada ya zuio. Katika hali hiyo gawio la jumla ni 1,200,000 kugawanya kwa 0.9, yaani takriban 1,333,333, na kodi iliyokatwa ni takriban 133,333. Au huenda kampuni haikukata chochote. Taarifa ya benki haiwezi kutofautisha hali hizi mbili, na barua ya tangazo mara nyingi nayo haiwezi.

Kinachotofautisha ni cheti cha kodi ya zuio, ambacho kampuni inawajibika kumpa mwanahisa. Kiangalie kwa makini: jina lako na namba yako ya utambulisho wa mlipakodi viwe sahihi, kiasi cha gawio kabla ya makato kionekane, na kodi iwe ile uliyoikokotoa. Karatasi iliyoandaliwa ofisini kwa kampuni, yenye mstari unaosema "kodi 10%", inaonyesha kwamba fedha zilikatwa kwako. Haionyeshi kwamba zilifika TRA. Kampuni inatakiwa kuwasilisha kodi hiyo ndani ya siku 7 baada ya mwisho wa mwezi ilipokatwa, hivyo gawio lililolipwa Juni linapaswa kuwa na uthibitisho wa malipo mapema Julai. Ombeni uthibitisho huo pia. Mwanahisa asione haya kuuomba, hata kama mkurugenzi ni shemeji yake. Na katika kampuni za kifamilia, ndiyo hali tuliyo nayo mara nyingi.

Kwa mwanahisa binafsi mkazi, zuio la gawio kutoka kampuni mkazi ni kodi ya mwisho: likishakatwa ipasavyo, gawio hilo halijumlishwi tena na mapato mengine ili litozwe mara ya pili, wala kodi hiyo haitumiki kupunguza kodi ya biashara yako. Lakini kama halikukatwa, kampuni bado inadaiwa, na ikishalipa ina haki ya kumdai mwanahisa kiasi hicho.

Basi barua kwa katibu iwe fupi, na iandikwe kabla ya kutumia fedha. Iulize: je, shilingi 400 kwa hisa ni kabla au baada ya kodi ya zuio? Imekatwa kiwango gani na shilingi ngapi kwa hisa zangu 3,000? Imewasilishwa TRA lini, na cheti changu kitatolewa lini? Jibu lisemalo tu kwamba "kampuni imelipa kodi zake zote" halijajibu swali lolote kati ya hayo, na lirudishwe likiambatana na hesabu yako.