Nani arudishiwe ngapi: jinsi ya kupima ombi la kurudishiwa avansi

(Maneno yaliyotolewa na agenti wa shirika linalosaidia komite yetu, katika mkutano wa wanamemba, Baraka)



Komite imeniomba niseme juu ya viti na mabashi. Tunavyokodisha kwa ndoa na matanga, ndivyo sanduku linavyopata pesa ya kusaidia wagonjwa. Lakini sikukuu inaweza kuvunjika, na aliyeisha kulipa avansi anakuja kuomba pesa yake. Hapo ndipo maneno yanaanza. Mmoja anarudishiwa yote kwa sababu ni shemeji ya fulani, mwingine anaambiwa "pesa imeisha ingia, haitoki." Tangu kanuni ya kukodisha iandikwe, kazi ya kujibu inapaswa kuwa ya kuhesabu tu. Leo tuhesabu pamoja.

Kifungu cha 9 munakijua. 9a: ukivunja siku 14 au zaidi kabla ya saa ya kukabidhiwa vyombo, unarudishiwa 90%. 9b: siku 7 au zaidi, ila chini ya 14, ni 50%. 9c: masaa 48 au zaidi, ila chini ya siku 7, ni 25%. 9d: chini ya masaa 48, hakuna kitu. Halafu kuna 9e: kama kuna kifo katika nyumba ya mwenye kukodi, au serikali imefunga njia, ni 90% hata kama ni jana yake, mradi karatasi ya ushuhuda ipatikane.

Muone vile kimeandikwa: "siku 7 au zaidi, ila chini ya 14." Zamani kilisema "siku 13 hadi 7" kisha "siku 6 hadi 3." Sasa yule aliyevunja siku 6 na nusu kabla, tumuweke wapi? Alianguka katikati, kama mtu aliyekosa kiti katika pirogi. Dirisha moja lazima lianzie pale lingine linapoishia.

Tuchukue dosye moja ya kweli. Familia imekubali niiseme, jina nitaliacha.

Baba mmoja alikodi viti 150, mabashi 4 na jenereta kwa ndoa ya binti yake. Bei yote dola 120, akatoa avansi dola 80, resi anayo. Kontra inasema vyombo vikabidhiwe Jumamosi tarehe 20, saa 08:00. Juma moja kabla, upande wa bwana harusi wakasema ndoa isogee mbele, bila kutaja tarehe. Baba huyo alikuwa Kigoma kwa dada yake. Akatuma mesaji kwenye simu ya ushirika. Barua ya kuomba pesa aliileta mwenyewe Jumanne tarehe 16, na akaonyesha mesaji katika simu yake: Jumamosi tarehe 13, saa 08:40.

Mtunza sanduku akahesabu hivi: kutoka 13 saa 08:40 mpaka 20 saa 08:00, zinapungua dakika 40 ili siku 7 zitimie. Basi ni 9c, 25%, dola 20. Mwanakomite mwingine akasema hapana, barua imefika tarehe 16, ila jibu ni lile lile, 9c. Wote wawili wakaona wamepatana, wakataka kutia sahihi.

Tuanze na barua. Kanuni haiulizi ni lini mtu ameomba pesa. Inauliza ni lini ushirika umejua kwamba vyombo havitatumika, juu ya tangu saa ile tunaweza kumpa mtu mwingine. Kwa hiyo tarehe ya barua haiingii katika hesabu. Mesaji ndiyo tangazo, na kifungu cha 7 kinaikubali, mradi imefika kwenye simu ya ushirika.

Sasa saa. Sisi tulioishi Nyarugusu tunajua: Tanzania inatangulia Kivu kwa saa moja. Simu ya baba yule ilikuwa inafuata saa ya Kigoma. Ilipoandika 08:40, hapa Baraka ilikuwa 07:40. Tulifungua simu ya ushirika, na mesaji ile ile inaonyesha 07:40. Kifungu cha 7 kinasema saa ni ya mahali vyombo vilipo. Kutoka 07:40 ya tarehe 13 mpaka 08:00 ya tarehe 20, ni siku 7 na dakika 20. Dirisha ni 9b, 50%. Hata ingefika saa 08:00 kamili ingebaki 9b, kwa sababu imeandikwa "siku 7 au zaidi," na saba kamili ni saba.

Ndiyo sababu naomba msiandike "saa mbili" katika kontra. Mwingine ataisoma ya Kiswahili, mwingine ya Kifaransa, na hapo kuna masaa sita katikati. Andikeni 08:00 kama simu inavyoonyesha. Kwa mtu anayevunja karibu na masaa 48, masaa sita ndiyo yote.

Je, 9e? Tuliitazama mbele ya madirisha yote, kwa sababu ikikubalika haina haja ya kuhesabu siku. Hakukuwa na kifo, ziwa lilikuwa wazi. Ndoa kusogezwa si 9e.

Inabaki swali ambalo linaleta ugomvi kuliko saa: 50% ya nini? Mmoja atasema ya bei yote, basi dola 60. Mwingine atasema ushirika ubakie na nusu ya bei yote, yaani 60 kati ya 80 tulizoshika, naye arudishiwe 20. Kifungu kile kile, majibu mawili, na yote mawili si yetu. Kifungu cha 8 kinasema asilimia ni ya pesa iliyokwisha lipwa. Nusu ya 80 ni 40. Ilikuwa karibu baba yule apoteze dola 20, na mjuwe dola 20 kwa nyumba iliyoisha nunua mchele wa harusi ni nini.

Jibu tulilomwandikia ni hili: "50%, kifungu cha 9b. Tangazo limefika tarehe 13, saa 07:40. Makabidhiano tarehe 20, saa 08:00. Nafasi: siku 7 na dakika 20. Imelipwa dola 80, inarudishwa dola 40." Na yule wa 0% aandikiwe vile vile, na 9d yake. Asilimia peke yake mtu hawezi kuipinga wala kuikubali. Akiona kifungu na saa mbili zile, anaweza kuhesabu tena na mtoto wake wa shule.

Kuna ujanja mmoja uliokwisha jaribiwa. Mtu yuko ndani ya 9c, anaomba kusogeza tarehe mpaka mwezi ujao, kesho yake anavunja na kudai 90%. Kifungu cha 10 kinasema: tarehe ikisogezwa ndani ya siku 14, na baadaye ikavunjwa, tunahesabu kutoka tarehe ya kwanza. Kwa hiyo msifute tarehe ya zamani katika daftari. Mpige mstari mmoja, isomeke.

Dosye tatu zingali kwa sekretere, mbili hazina saa ya kufika kwa tangazo. Wenye dosye hizo waje Alhamisi pamoja na simu zao, tutalinganisha na simu ya ushirika.