Yai moja lina gramu ngapi za protini, na ganda tulihesabu ao tuliache?

*Maneno ya mjumbe wetu wa lishe katika mkutano wa wanachama, Baraka. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema, ili wanachama wa Ubwari ambao hawakufika, na wafadhili wetu walio mbali, nao wayasome.*



Komite imeniomba niseme juu ya mayai. Munajua swali lilitokea wapi. Tunataka kununua mayai kwa ajili ya wamama wanaonyonyesha na watoto wadogo wa familia zilizorudi, na raporo itakayoenda kwa wafadhili inapaswa kusema ni gramu ngapi za protini zimefika kwenye sahani. Kuandika tu kwamba tuligawa mayai mia mbili haitoshi. Sasa wengine kati yetu wanasema yai ni yai, andika gramu 6 kwa kila moja, tumalize. Wengine wanasema hapana, yai la kuku ya kienyeji ni dogo. Na mama mmoja pale nyuma aliuliza swali zuri kabisa: tunapopima yai pamoja na ganda lake, lile ganda nalo ni chakula?

Tuliokaa Lugufu na Nyarugusu tunakumbuka mgao: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, chumvi, vyote kwa kipimo. Ukipima kilo moja ya unga, kilo yote inaingia sufuriani. Yai haliko hivyo. Unalipima likiwa limevaa nguo, na nguo hailiwi.

Basi tuanze na nguo hiyo. Ukichukua yai la kuku na kulipima, karibu sehemu 12 katika kila 100 za uzito wake ni ganda pamoja na ile ngozi nyembamba inayoshika ndani ya ganda. Zinabaki 88 za kula: ute mweupe na kiini. Na hizo za kula, nyingi ni maji. Katika gramu 100 za yai lililotolewa ganda, protini ni gramu 12 na nusu hivi. Ganda lenyewe ni kama chokaa. Ile ngozi yake ina protini kidogo, lakini tunaitupa pamoja na ganda, kwa hiyo haifiki kwa mtoto.

Jibu la yule mama ni hili: pima na ganda, kwa sababu huwezi kuvunja kila yai sokoni, lakini litoe katika hesabu kabla ya kuandika protini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, hata asiye na mashini ya kuhesabia ataiweza. Yai likiwa na ganda, chukua uzito wake kwa gramu, gawanya kwa 9. Yai likiwa limetolewa ganda, gawanya kwa 8. Basi. Ile 9 imekwisha kuondoa ganda ndani yake.

Tujaribu. Yai la gramu 36 pamoja na ganda, lile dogo la kuku anayeanza kutaga, lina protini gramu 4. La gramu 45 lina gramu 5. La gramu 54 lina gramu 6. La gramu 63, lile kubwa la kuku ya kizungu, lina gramu 7. Munaona? Kila gramu 9 za yai zinaleta gramu 1 ya protini. Kwa hiyo yule anayesema "gramu 6 kwa kila yai" hasemi uongo, ila anasema juu ya yai la gramu 54. Mayai yetu mengi ya kienyeji hayafiki hapo.

Sasa ile gramu 6 ilitoka wapi? Ndugu zetu waliohamia Amerika wanatutumia picha za boksi la mayai, na kwenye karatasi imeandikwa yai 1, gramu 50, protini gramu 6. Hapa kuna mtego, na ninaomba katibu asikilize vizuri. Zile gramu 50 ni za yai lililokwisha kutolewa ganda. Yai hilohilo, likiwa na ganda, lina gramu 57 hivi, na Wamarekani wanaliita kubwa. Ukichukua zile 50 ukaondoa ganda tena, umeondoa mara mbili, na mtoto unamwandikia kidogo kuliko alichokula. Ukichukua yai letu la gramu 50 na ganda lake ukasema ni sawasawa na lile la boksi, umemwandikia kingi kuliko alichokula. Na wale walio Ulaya wajue kwamba kule majina ya ukubwa yanafuata uzito wa yai na ganda lake: la kati ni kuanzia gramu 53 mpaka chini ya 63, kubwa ni kuanzia 63 mpaka chini ya 73. Kwa hiyo yai "kubwa" la Amerika, ukilipeleka Ulaya, linaweza kuitwa la kati. Jina la ukubwa halitusaidii. Uzito ndio unatusaidia, na lazima useme kama ni na ganda ao bila ganda.

Tufanye mfano kamili, kwa plato moja ya mayai 30. Usipime yai mojamoja kwenye mizani ya samaki, haitaonyesha kitu. Pima plato nzima, kisha pima plato tupu, toa moja kwa ingine. Tuseme plato ya mayai ya kienyeji ina gramu 1,290, na karatasi yake tupu ina gramu 60. Mayai ni gramu 1,230, ndiyo kusema kila yai ni gramu 41. Gawanya 1,230 kwa 9: protini ni gramu 137 kwa plato nzima.

Sasa mutu anayesahau ganda atagawanya kwa 8. Atapata gramu 154. Tofauti ni gramu 17, na hiyo ni protini ya mayai karibu 4 ya ukubwa huo. Kila plato, raporo itakuwa na mayai 4 ambayo hakuna mtoto aliyeyaona. Na yule anayeandika gramu 6 kwa kila yai atapata 180. Huyo amezidisha gramu 43, ni kama mayai 9. Kwa hiyo kosa la ganda ni kosa, lakini kosa la ukubwa ni kubwa zaidi ya mara mbili.

Tuweke pembeni plato ya kuku ya kizungu. Tuseme mayai yake, bila karatasi, ni gramu 1,710, kila moja gramu 57. Gawanya kwa 9: gramu 190. Idadi ni ileile 30, lakini protini imezidi kwa gramu 53. Kwa njia ingine: mayai 11 ya plato ya kwanza yanatoshana na 8 ya plato ya pili.

Hapo ndipo bei inaingia. Nitachukua bei ya mfano tu, musiniambie sokoni imebadilika. Kama la kienyeji ni franka 500 na la kizungu ni 600, plato ya kwanza ni 15,000 na ya pili ni 18,000. Kwa macho, ya kwanza ni rahisi. Lakini gawanya kwa protini: ya kwanza, kila gramu ni karibu franka 110, ya pili, karibu 95. Yai la bei ndogo limekuwa ghali. Bei ya la kienyeji ikishuka mpaka franka 430 hivi, zinalingana, na hapo ni bora tununue kwa wanachama wetu wenyewe wanaofuga. Chini ya hapo tunapata faida. Kiini cha manjano sana hakibadilishi hesabu hii. Rangi inatokana na majani na mahindi ambayo kuku amekula.

Mutaniuliza, hiyo 9 ni ya kweli kwa kila yai? Ni ya wastani. Kuku anayekosa chokaa anatoa ganda jembamba, na ganda lake ni jepesi. Tunaweza kuhakikisha wenyewe siku ya kupika. Chukua mayai 10, yapime pamoja, yavunje, pangusa maganda, pima maganda. Mayai yakiwa gramu 410 na maganda yakiwa kati ya 40 na 50, endelea na 9 bila wasiwasi.

Baba mmoja wa Ubwari ameuliza juu ya bata na kanga. Yai la bata mutagawanya kwa 9 pia, protini yake inakaribia ya kuku. Ila ni zito, mara nyingi gramu 70, kwa hiyo moja linakaribia gramu 8. La kanga, hapana. Ganda lake ni nene na gumu kupita la kuku. Hilo lipime likiwa limetolewa ganda na ugawanye kwa 8, ao liache nje ya hesabu.

Mwingine ameuliza juu ya yai lililokaa. Yai linapumua kwa vitundu vya ganda, na kila siku linapoteza maji kidogo, zaidi wakati wa joto. Uzito unashuka, protini inabaki palepale. Kwa hiyo pima siku ya kununua, siyo baada ya wiki mbili. Na mwenye kuuza akikuambia mayai yake ni ya jana, tia moja ndani ya maji: bichi la kweli linalala chini, la zamani linasimama, na linaloelea usinunue kabisa.

Na maganda musiyatupe. Yakaushe, yapike ao yachome kidogo, yasage mpaka yasifanane tena na yai, wape kuku wanaotaga. Ukiwapa vipande vikubwa watajifunza kula mayai yao. Ganda linarudi kwa kuku, lakini kwenye raporo yetu ya protini haliingii.

Kwa hiyo ninaomba komite ikubali mambo mawili leo. Katika daftari la manunuzi tuongeze mstari mmoja: uzito wa plato bila karatasi, pamoja na ganda. Na katika raporo tuandike protini kwa kugawanya uzito huo kwa 9, na tuseme wazi kwamba ganda limetolewa. Mfadhili akigawanya mwenyewe atapata namba yetu.

Aliye na swali lingine, ninabaki hapa mpaka wamama wamalize kupanga vyombo.