Usituambie unajua kufanya kazi na wengine, tuonyeshe daftari
Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kabambare



Kuna wakati tuliombwa tusaidie kuchagua mtu mmoja wa kuhamasisha watu juu ya ulinzi wa chemchemi. Karatasi zilifika nyingi. Karibu kila CV ilisema mambo yale yale: mchapakazi, mwaminifu, anapenda kufanya kazi na wengine, anazoea haraka mazingira mapya. Kusema kweli, wengi walinakili kwa rafiki, na siye pia tulishafanya hivyo. Lakini yule anayechagua atafanya nini na neno «mwaminifu»? Hawezi kulipima, hawezi kumuuliza mtu yeyote kama ni kweli.

Kijana mmoja tulimwita kwa sababu aliandika kitu: «Tulitengeneza daraja la miti kwa salongo.» Tulifurahi. Tukamuuliza, wewe mwenyewe ulifanya nini? Akasema, tulikata miti. Nani alipanga watu? Walipanga. Siku wengine hawakukuja, mulifanya nini? Akanyamaza. Pengine alifanya kazi kweli, hatumwiti mwongo. Lakini ile «tuli» ilimficha, na sisi hatukuweza kumwona ndani yake.

Halafu kulikuwa mama mmoja. CV yake haikuwa na sifa hata moja. Chini kabisa, kama kitu cha aibu, aliandika: «Mwandikishi wa likelemba.» Mmoja wetu alitaka kuiweka pembeni. Bahati, mwingine akamuuliza: siku gani likelemba yenu ilitaka kuvunjika?

Njo hapo akafungua. Walikuwa wanawake 22. Kila siku ya soko kila mmoja anatoa franka 1000, na mmoja anabeba zote, 22 000. Ilikuwa mwaka wa 2019, wakati Banro iliposimamisha kazi ya dhahabu ya Namoya. Nyumba nyingi zilikuwa zinakula kutoka kule. Baada ya wiki ya nane, wanawake saba wakasema hawana tena 1000. Wanane walikuwa wameisha kubeba, 14 walikuwa wanangoja. Wale waliongoja wakaanza kusema wanane ni wezi.

Yeye alipendekeza hivi: wanane waliokwisha kubeba waendelee kutoa 1000, kwa sababu walipata pesa nzima. Wale 14 watoe 500 tu, na zamu yao ikifika wabebe kidogo. Hesabuni na siye: mara nane 1000 ni 8 000, mara 14 500 ni 7 000. Jumla 15 000 kila wiki. Na kila mmoja kati ya wale 14 alikuwa ameisha kutoa 8 000, atatoa tena 7 000: 15 000. Anapata kile alichotoa. Hakuna anayekula mwenzake.

Wawili kati ya wale wanane hawakuwa na pesa kabisa. Walikubaliwa kulipa kwa mchele, kwa bei ya soko ya siku ile. Ilichukua mikutano mitatu, na mama mmoja aliacha kumsalimia kwa muda (hiyo alituambia bila kuulizwa, na tuliamini zaidi). Mzunguko ulifika wiki ya 22. Daftari alikuwa nalo kwenye mkoba. Tulimtafuta pia mmoja wa wale waliolipa mchele, siyo rafiki aliyetuchagulia yeye, na habari ilikuwa ileile.

Sasa muangalie: kufanya kazi na wengine iko pale, kuzoea mabadiliko iko pale, na hakuandika hata moja. Tulikaa naye, ile mistari ya CV ikawa hivi: «Mwandikishi wa likelemba ya wanawake 22. Mwaka 2019 pesa ilipokosekana, nilipendekeza kiwango kipya cha kutoa. Mzunguko uliisha, kila mmoja alipata alichotoa. Daftari lipo.»

Kwa wanaochagua tunasema pia: muulize wote swali lile lile, na kwa lugha wanayoisema vizuri. Mtu anayeongea Kifaransa kizuri anaweza kupamba kitu kidogo, na mwenye haya anaweza kumeza kitu kikubwa. Na kazi moja haionyeshi yote. Mama huyu aliongoza watu waliomjua toka utoto. Kijiji ambacho hakuna anayemjua ni jambo lingine. Kwa hiyo tulimuuliza tena: ni wapi ulishafanya kazi na watu wasiokujua? Alifikiri kwa muda, akasema hajafanya. Tukaandika hivyo hivyo, na akapewa mwezi mmoja wa kujaribiwa katika kijiji kisicho chake.