Wosia Umesomwa Matangani: Tuutazame Vipi?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lupepo)



Katibu aliniambia nizungumze juu ya mambo ya serikali. Nimemwomba radhi. Nitazungumza juu ya karatasi moja tu, kwa sababu wengi wetu tumefikia umri wa kuitwa nyumbani kwenye misiba, na tukifika, kwa kuwa tulisoma, tunakabidhiwa karatasi hiyo mbele ya ukoo na kuambiwa: "Wewe msomi, tusomee."

Mzee mmoja wa ukoo wangu alifariki akaacha mashamba mawili ya chai, migomba, nyumba ya bati na ng'ombe wawili wa maziwa. Mzee huyo hakujua kusoma wala kuandika. Baada ya matanga, kijana wake mkubwa alitoa wosia wa ukurasa mmoja, na mapema zaidi alikuwa ameshawatumia ndugu wa mjini picha yake kwenye simu. Ulisema hivi: mashamba ya chai ni ya kijana mkubwa, mdogo apate migomba, nyumba na ng'ombe mmoja ni vya mama, kijana mkubwa ndiye msimamizi. Chini palikuwa na dole gumba la mzee, sahihi tatu na muhuri wa ofisi. Walioshuhudia ni mchungaji, jirani mmoja na kijana mkubwa mwenyewe.

Watu waliuona muhuri wakatulia. Mimi pia nilitulia, nakiri hivyo mbele yenu. Usiku ndipo nilipoanza kuhesabu mashahidi.

Ndugu zangu, kwa mtu anayefuata mila, kanuni za wosia zimeandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Zimeandikwa wazi, hazihitaji mwanasheria kuzisoma. Kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama hajui, wasipungue wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wote wawe wanajua kusoma na kuandika, wawepo pamoja kwa wakati mmoja, na waweke sahihi zao. Mrithi anayepata kitu katika wosia hategemewi kuwa shahidi wake isipokuwa wapo wengine wasiorithi.

Hesabuni nami. Mzee wetu hakujua kuandika, kwa hiyo walitakiwa wanne. Walikuwapo watatu. Kati ya hao, wa ukoo alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye aliyepewa mashamba ya chai. Ukimwondoa mrithi, wanabaki watu baki wawili, na ukoo hauna shahidi hata mmoja. Ule muhuri ambao sote tuliuheshimu hauongezi shahidi. Hata muhuri wa wakili hauzibi nafasi ya shahidi wa ukoo aliyekosekana.

Nawaomba tusichanganye sheria. Asiyeongozwa na mila wala na Uislamu anatazamwa kwa sheria nyingine, ambayo inataka mashahidi wawili au zaidi, bila kuuliza kama ni wa ukoo. Humo shahidi akipewa kitu, wosia hauanguki, bali kile alichopewa ndicho kinachopotea. Mwislamu naye hausii zaidi ya theluthi ya mali yake, wala hamsii mrithi wake bila ridhaa ya warithi wengine. Kwa hiyo swali la kwanza ni "Marehemu aliishi kwa sheria gani?" na ndipo unapohesabu sahihi.

Jambo la pili ni picha ya simu. Picha haionyeshi kama maneno yaliongezwa baada ya kutiwa sahihi. Takeni karatasi yenyewe. Tazameni kama imeandikwa kwa wino na ina tarehe, kama wino ni mmoja kutoka juu hadi chini, kama kuna neno lililobanwa kati ya mistari bila sahihi pembeni, na ikiwa ni kurasa kadhaa, kama kila ukurasa umetiwa sahihi. Kisha muulizeni kila shahidi peke yake: mlikaa wapi, nani aliandika, mzee alisomewa kwa lugha gani, nani mwingine alikuwapo. Mchungaji wetu, mtu mkweli, alisema jirani alitia sahihi siku ya pili yake. Hapo tukapata dosari nyingine, kwa kuwa hawakuwa pamoja.

Sasa kuhusu msimamizi. Kijana mkubwa alikwisha kuwaambia wachuma chai kwamba mashamba ni yake, kwani "mimi ndiye msimamizi". Hapana. Kutajwa katika wosia ni kupendekezwa. Benki haitampa hela ya marehemu kwa karatasi ile. Anatakiwa aende mahakamani. Kwa mirathi ya mila au ya Kiislamu ni Mahakama ya Mwanzo, na yeyote mwenye pingamizi husikilizwa kabla hajathibitishwa. Akishathibitishwa hukusanya mali, hulipa gharama za mazishi na madeni, ndipo agawe. Katika Mahakama ya Mwanzo hupewa miezi minne kuleta orodha ya mali na madeni pamoja na hesabu ya mgawo. Msimamizi ni mtunza ghala. Anaweza kuwa mrithi pia, lakini hali ugali wa ghala kwa sababu ameshika ufunguo.

Nilipomwambia haya kijana mkubwa alikasirika. Mdogo wake alifurahi. Aliyeninyima usingizi ni mama yao.

Wosia ukianguka, mali hugawanywa kama vile hakuna wosia. Katika Tangazo lile lile la 1963, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ililaumu kanuni hizo katika shauri la wajane wawili wa Tanzania. Basi dosari niliyoigundua kwa kalamu yangu ilikuwa inamwondolea mama nyumba na ng'ombe ambavyo mzee alitaka avipate. Ningeweza kunyamaza. Lakini mdogo alikuwa ameshasikia kwa mchungaji, na shauri lingekwenda mahakamani kwa vyovyote.

Tulikaa kikao cha ukoo siku mbili, mvua ikinyesha kama kawaida yetu. Niliwaeleza vijana kwamba wosia ule hauna nguvu, ila warithi watu wazima wakikubaliana hakuna anayewazuia kumpa mama yao kile baba alichotamka. Mdogo alikubali nyumba haraka. Ng'ombe alichukua siku nzima, maana ndiye aliyekuwa akitoa maziwa. Mwisho muhtasari uliandikwa, kila mmoja akatia sahihi, na binti yao wa pili, ambaye wosia haukumtaja kabisa, akapendekezwa kuwa msimamizi. Mashamba ya chai yakagawanywa, na yeye akapata kipande upande wa mtoni.

Kijana mkubwa hajanisalimia vizuri hadi leo. Mama yao yumo katika nyumba ile, na nilipopita juzi nilipewa maziwa.

Baada ya chakula nitakaa pale chini ya mti karibu na jiko. Aliyekuja na karatasi ya nyumbani kwake aje nayo, karatasi yenyewe, siyo picha.