Ese bila mwisho: tusitie sahihi

Tumesoma barua ya kazi ya kijana mwenzetu, anaenda kupakua mizigo depo moja hapa Goma. Mshahara, kazi, siku ya kuanza: yote iko wazi. Juu ya ese imeandikwa tu: "mpaka bosi aridhike." Hapo hapana!

Kode ya Kazi ya 2002 inataka ese iandikwe. Isipoandikwa, unahesabiwa umeajiriwa kabisa. Kwa manevre asiye na ufundi haipite mwezi 1. Kwa wengine, miezi 6. Ukiendelea kutumika kisha hapo, kontra imekubalika yenyewe.

Basi tumemwambia aombe waandike: "Ese: kuanzia 1 Juni, mwisho 30 Juni." Kisha ndipo atie sahihi, na abaki na kopi yake.